Paka aliyekula panya wa sumu: kagua ufizi, hesabu pumzi, kimbilia vitamini K1

Niko Busia, upande wa Uganda, nina stoo ya mahindi, na paka wangu anaitwa Kadogo. Mwaka huu Kadogo alikaribia kufa na hakuwahi kugusa sumu hata chembe, aligusa panya tu. Naandika hii kwa mtu mwenye paka anayewinda, aliye na jirani anayeweka dawa ya panya, maana hapo ndipo watu wengi tunakosea, tunangoja kuona damu. Damu saa nyingi haionekani kabisa, inamwagikia ndani ya kifua ama tumboni, na wewe unaona tu paka amelala, unasema leo amechoka.

Kwanza ujue sumu yenyewe ni ipi

Zile dawa za vibonge vya nta ama ngano, za rangi ya buluu, kijani au pinki, nyingi yake ni sumu za kuzuia damu kuganda. Kwenye pakiti tafuta sehemu ya maandishi madogo, utaona jina linaloanza na brodifa ama bromadio, ndio brodifakumu na bromadioloni. Zile za zamani kama warfarini zipo pia lakini hizi mpya ni kali zaidi na zinakaa kwenye ini muda mrefu sana, ni miezi hiyo si siku.

Inafanyaje kazi? Ini la mnyama linatengeneza vitu vya kugandisha damu, na kazi hiyo inahitaji vitamini K. Mwili unaitumia vitamini hiyo, unaitengeneza tena, unaitumia tena, sasa sumu inafunga hiyo njia ya kuitengeneza tena. Lakini vile vya kugandisha ambavyo tayari viko kwenye damu vinabaki vinafanya kazi mpaka viishe, ni kama maji ya mferejini yamekatwa lakini mitungi yako nyumbani bado ina kitu, siku mbili tatu huoni shida, alafu siku moja unainamisha mtungi hakuna. Ndio maana dalili zinakuja siku 3 mpaka 5 baada ya kula, saa ingine hata wiki. Mtu akikuambia "amekula jana na leo mzima, bas amepona", usimsikize.

Na panya naye hafi siku hiyo hiyo. Anaishi siku kadhaa, na kila usiku anarudi kula tena, kwa hiyo anapoanza kuyumba na kutembea mchana bila woga, tumbo na ini lake vimejaa. Huyo ndiye paka anamdaka kirahisi. Panya mzima anamsumbua paka nusu saa, huyu wa sumu anamchukua kama mboga sokoni.

Panya mmoja anaua paka?

Hapa nataka niseme ukweli kwa sababu watu wanatishana. Kwa paka mkubwa mwenye afya, panya mmoja wa vibonge hivi kwa kawaida hamuui. Piga hesabu na mimi. Vibonge vingi vina sumu asilimia 0.005, maana yake kibonge cha gramu 20 kina miligramu 1 tu. Kipimo cha brodifakumu kinachotajwa kuua paka kwa mara moja ni kama miligramu 25 kwa kila kilo ya mwili, na Kadogo ana kilo 3.2, kwa hiyo ni miligramu 80. Panya mmoja hawezi kubeba hiyo.

Lakini stoo yangu na ya jirani zinagusana ukuta, na jirani aliweka vibonge tangu mavuno yaingie, wiki 6 nzima, mimi sikujua. Kadogo alikuwa anakula panya karibu kila siku, na mimi nilikuwa nafurahi, namsifu mbele ya wateja. Ukichukua miligramu 1 kwa panya, mara siku 40, unaona tunafika wapi. Ini haliitoi haraka, linaweka akiba. Na dozi ndogo ndogo za mfululizo zina uchungu kuliko dozi moja kubwa, kwa sababu vile vya kugandisha havipati nafasi ya kurudi, hata jumla ikiwa chini ya ile 80. Paka mdogo, paka mgonjwa wa ini au paka mwenye mimba nisingengoja hata hesabu.

Kuna hatari ingine ambayo iko kwetu hapa na ni mbaya zaidi ya panya: watu wanasaga kibonge wanachanganya na mukene, yaani dagaa, ili panya wavutwe na harufu. Mukene ni chakula cha paka! Hapo paka hali panya tena, anakula sumu yenyewe. Kama kuna mtu jirani anafanya hivyo, nenda umwambie leo, kwa heshima, lakini leo.

Dalili za kukimbia nazo

Siku ya Jumanne Kadogo hakupanda juu ya magunia. Ni hiyo tu. Amezoea kila asubuhi akisikia mlango wa stoo anaruka mpaka gunia la juu, siku hiyo alibaki chini ya meza, nikamwita akainua kichwa akakirudisha. Mukene akanusa akaacha. Nikasema kesho. Hiyo "kesho" ndio kosa langu mimi, naomba lisiwe lako.

Jumatano asubuhi nikamkagua, na hivi ndivyo na wewe ufanye, inachukua dakika tatu.

Anza na ufizi. Inua mdomo wa juu polepole, angalia nyama iliyo juu ya jino refu. Paka mzima ufizi wake ni pinki, kama ndani ya mdomo wako wewe. Bonyeza kwa kidole mpaka pawe peupe, achia, uhesabu: rangi irudi kabla ya sekunde 2. Kama paka wako ana ufizi mweusi wa asili, vuta kidogo kope ya chini ya jicho uangalie ndani, ama tazama ulimi. Wa Kadogo ulikuwa mweupe kama posho, na nilipobonyeza sikuona hata tofauti.

Alafu pumzi. Usimshike, mwache alale, angalia ubavu ukipanda na kushuka, kupanda na kushuka ni moja. Hesabu sekunde 30 zidisha kwa 2. Paka aliyetulia anakuwa chini ya 30 kwa dakika. Ukipata zaidi ya 40 akiwa amelala, kuna kitu kifuani. Kadogo alikuwa 52, na tumbo lilikuwa linasukuma kusaidia. Paka akipumua mdomo wazi kama mbwa, usimalize hata kuhesabu, chukua boda.

Mwisho pitisha mkono mwilini bila kubonyeza. Nilikuta uvimbe laini chini ya kwapa, kama mfuko wa maji, na mguu huo alikuwa anauchechemea. Hiyo ni damu imejikusanya. Wengine wanakuwa na madoa ya zambarau tumboni pale nywele ni chache, wengine kinyesi cheusi kama lami, mkojo mwekundu, damu puani au kwenye ufizi, kikohozi, masikio na makucha ya baridi. Usingoje zote zije. Uchovu pamoja na ufizi uliopauka inatosha, uchovu pamoja na pumzi za haraka inatosha.

Ukiwa na wasiwasi kama ni sumu kweli, angalia mavi ya panya kwenye kona za stoo. Yakiwa na rangi ya buluu au kijani, kuna mtu ameweka vibonge vya rangi mahali karibu, hata kama kila mtu anakataa.

Kama imekuja kwa dakika, ni sumu ingine

Zile sumu za barabarani za vipakiti bila jina ni habari tofauti. Paka akianza kutoa mate mengi, kutetemeka, kukojoa ovyo, mboni za macho zimekuwa ndogo kama nukta, na imetokea ndani ya dakika au saa chache, hiyo inafanana na sumu za wadudu ambazo watu wanauza kama za panya, dawa yake daktari anaanza na atropini, vitamini K haisaidii. Na ule unga mweusi au wa kijivu wenye harufu ya kitunguu saumu ama samaki mbovu ni fosfidi ya zinki, inatoa gesi ikikutana na asidi ya tumbo. Hapo usimpe chakula, chakula kinaongeza asidi, na akitapika fungua madirisha usiiname kunusa, gesi hiyo inadhuru na wewe. Zote mbili ni za kukimbia saa hiyo hiyo. Nimezitaja ili usimwambie daktari "ni sumu ya panya" ukaishia hapo, mwambie ilianza saa ngapi na pakiti ilikuwa ya namna gani.

Njiani, na vitu vya kutofanya

Paka ambaye damu yake haigandi ni kama yai. Usimkimbize chini ya kitanda, usimshike shingo, usimfunge kwenye gunia. Mimi nilichukua boksi la katoni, nikatoboa matundu, nikaweka shati langu la zamani, nikamwingiza polepole, nikafunga kwa kamba, nikakaa nalo mapajani kwenye boda, nikamwomba kijana aende taratibu akwepe mashimo. Pakiti ya sumu, au hata picha yake kwenye simu, nenda nayo. Panya aliyekufa ukimpata, mtie kwenye kaveera mbili za plastiki, usimshike kwa mkono mtupu.

Usimpe maziwa, mafuta ya kupikia, maji ya chumvi ama makaa ya jiko. Usimtapishe nyumbani kwa kitu chochote, ile peroksidi ya hidrojeni ambayo watu wanasikia inatumika kwa mbwa inachoma tumbo la paka mpaka linatoka damu. Kutapisha kunasaidia tu saa chache za kwanza na daktari ndiye anachoma sindano yake. Kama umemwona paka akila kibonge ama mukene ya sumu sasa hivi, hiyo ndio bahati yako, ondoka saa hiyo, usingoje dalili.

Na tafadhali, hakuna panadol. Parasetamoli inaua paka yenyewe peke yake, bila sumu yoyote. Asprini, diklofenaki, ibuprofeni zinazidisha kutoka damu. Mtu wa duka akikushauri umchome diklofenaki kwa sababu anachechemea, kataa.

Kwa daktari: K1, siyo K3

Daktari wa mifugo aliyemwona Kadogo, mzee mmoja mpole, alimpima uzito kwanza. Alitoa damu kidogo kwenye mshipa wa mguu wa mbele, akabonyeza pamba kama dakika 10 bila kuachia, maana hata tundu la sindano linaweza kuendelea kuvuja. Ile damu akaiweka kwenye kichupa kikavu cha kioo kisicho na dawa ndani, akakiweka mezani. Dakika 20 baadaye akakilaza, damu ikateleza kama chai ya rangi. "Unaona dada," akaniambia, "ingekuwa mzima hii ingekuwa imeshika kama jeli." Kuna kipimo bora cha maabara, cha kupima muda wa damu kuganda, uliza kama kuna maabara karibu inayokifanya. Hiki cha kichupa ni cha kienyeji lakini kilituonyesha njia.

Dawa ni vitamini K1, jina lake lingine fitomenadioni. Hapa sikiliza vizuri. Ukienda agroveti ukasema nataka vitamini K wanaweza kukupa unga wa vitamini za kuku wa kuchanganya kwenye maji. Ndani yake kuna K3. K3 haifanyi kazi kwa sumu hii, na ikizidi inamdhuru paka. K1 utaipata famasi ya watu, ni ile ile sindano wanayochomwa watoto wachanga wakizaliwa, inakuja kwenye ampuli ndogo. Lakini soma ampuli, kuna za miligramu 1 na za miligramu 10, ukichanganya hizo mbili umempa mara kumi au umempa si kitu.

Kadogo alipewa ya kwanza chini ya ngozi, kwa sindano nyembamba kuliko zote, sehemu mbili tatu. Siyo kwenye nyama, inaacha uvimbe wa damu, na kwenye mshipa inaweza kuleta mzio wa kuua. Baada ya hapo ikawa ya mdomoni. Vipimo vinavyotumika ni miligramu 2.5 mpaka 5 kwa kilo kwa siku, daktari akachagua 2.5 mara kilo 3.2, ni miligramu 8 kwa siku, akaigawa asubuhi 4 na jioni 4. Ampuli ya miligramu 10 ina mililita 1, kwa hiyo ni mililita 0.4 kila mara. Ampuli moja kila siku, asubuhi navuta sindano mbili, natoa sindano ya chuma, moja nampa, ya pili nafunga kwenye karatasi nyeusi mpaka jioni kwa sababu mwanga unaiharibu. Inaingia mwilini vizuri ikiwa na mafuta, nilimpa pamoja na mukene wa kuchemsha na samli ya kipande cha ukucha. Hesabu hii ni ya Kadogo, ya paka wako ifanywe na daktari wake.

K1 haisimamishi damu papo hapo. Ini linahitaji saa nyingi, karibu nusu siku au zaidi, kutengeneza vitu vipya. Paka anayevuja sana hizo saa anaweza asizifikie, na hapo kinachomwokoa ni damu au plazima ya paka mwingine, na lazima makundi ya damu yalingane, paka wa kundi B akipewa damu ya A anaweza kufa papo hapo. Sisi hatukuwa na plazima. Daktari aliniambia wazi, usiku huu ndio utaamua. Nikamweka kwenye boksi chumbani, giza, kimya, watoto nikawakataza hata kumbembeleza, nikawa nahesabu pumzi kila saa na kuandika kwenye daftari la mauzo. Saa nne usiku 56. Saa tisa usiku 50. Saa moja asubuhi 44. Siku ya tatu 30, akala mwenyewe. Ufizi ulichelewa, ulianza kuwa pinki baada ya wiki.

Usiache dawa kwa sababu ameruka

Hapa ndipo paka wengi wanarudi kufa. Siku ya tano Kadogo alikuwa anacheza na kamba, na ampuli si bure, nilijaribiwa kuacha. Lakini sumu bado iko kwenye ini, K1 inaifunika tu, ukiiondoa mapema mtungi unakauka tena baada ya siku mbili tatu. Kwa hizi sumu mpya ni wiki 4 angalau, siku 28, ampuli 28 kwa Kadogo. Nunua za kutosha mapema, famasi zetu zinaisha stoki.

Na baada ya kumaliza, damu ipimwe tena saa 48 mpaka 72 baada ya dozi ya mwisho. Siyo siku hiyo ya mwisho, siku hiyo dawa bado inafanya kazi na kipimo kitakudanganya. Sisi tulirudi saa 48, kichupa kikakaa dakika 20, damu bado ikateleza. Nilikaribia kulia. Yeye kwa macho alikuwa mzima kabisa. Tukaongeza siku 14, tukapima tena, ikashika.

Stoo baada ya hapo

Jirani tulikaa naye, hakuwa na nia mbaya, mahindi yake yalikuwa yanaliwa. Tulikubaliana mitego ya kubana kwenye njia za ukutani, na vibonge vilivyobaki akaviondoa vyote. Kama wewe lazima utumie sumu, iwe kwenye boksi lililofungwa lenye tundu la panya tu, usisage, usichanganye na samaki, na uokote panya waliokufa asubuhi na jioni uwatupe choo cha shimo. Usipige hesabu kwamba siku ya kuondoa sumu ndio siku paka yuko salama, panya walioshakula bado wanatembea. Mimi Kadogo nilimfungia ndani wiki 4 baada ya kibonge cha mwisho, nikimlisha mpaka ashibe, na mpaka leo kila Jumapili nainua ule mdomo wa juu naangalia rangi, amezoea, haniumi tena.